Nyumba ya Utotoni na Mtaa Wake Katika Tawasifu

Maandishi yanayohusu nyumba ya utotoni na mtaa wake hujaribu kujibu swali lenye pande mbili: makazi yale yalimfanya mtu awe nani, na yalimfanya hivyo kwa njia gani. Upande wa kwanza hujibiwa haraka na karibu kila mwandishi. Atasema alijifunza heshima, uvumilivu au kuishi na watu. Upande wa pili ndio mgumu, na ndio unaotenganisha tawasifu yenye uzito na maneno ya kukumbuka nyumbani kwa huba. Kuta na milango hazifundishi kwa kusema. Hufundisha kwa kuamua nani aonwe na nani, sauti ipite wapi, mtoto aruhusiwe kuvuka kizingiti gani na mahali gani apige hodi. Mwandishi anayetaka kueleza alivyolelewa na mahali hana budi kuanza na mpangilio huo, kisha autazame ukigeuka mazoea, na mazoea yakigeuka tabia.

Mfano mzuri wa kazi hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki ni kitabu cha Sayyida Salme binti Said, kilichochapishwa Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Beit el Mtoni, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akabatizwa Aden mwaka 1867, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, na kuhamia Hamburg. Mume huyo alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane mwenye watoto wadogo ambao walikuwa hawajaiona nchi ya mama yao. Kumbukumbu zake alianza kuziandika kwa ajili yao. Jambo hili lina athari kubwa katika uandishi wenyewe. Msomaji aliyemkusudia hakujua Mtoni kulikuwaje, kwa hiyo ilimpasa aeleze kila kitu: bafu liko upande gani, ngazi inapanda wapi, nani hula na nani. Anayewaandikia majirani zake wa zamani huyaruka mambo hayo kwa kuwa wote wanayajua, na maandishi yake hubaki matupu kwa mtu wa kizazi kinachofuata.

Sura ya kwanza ya kitabu chake haianzi na nasaba wala na habari za utawala. Inaanza na nyumba. Mtoni ilikuwa kando ya bahari, ikizungukwa na minazi na miembe, na kijito kilichoipa jina kikipita humo humo. Katikati palikuwa na ua mkubwa, na majengo yalikuwa yameongezwa kuuzunguka kila haja ilipozidi, bila ramani moja. Ndani ya ua walitembea tausi, swala, bata na mbuni. Upande mmoja kulikuwa na safu ya mabafu yaliyojaa watu karibu mchana kutwa. Upande wa bahari palikuwa na roshani ya mviringo ya mbao, iliyojulikana kwa jina la benjile, ambako baba yake alipenda kutembea huku na huko akiwa ameinamisha kichwa, akichechemea kidogo kwa jeraha la zamani la vita. Hapo pia ndipo palipokuwa na darubini ya kutazamia bahari.

Kwa msomaji wa haraka hayo ni mapambo tu. Yakisomwa kwa makini, kila kimoja kina kazi. Ua uliofungamana na majengo yasiyo na mpango ndio uliomzoesha mtoto kuishi katikati ya watu wengi wasiofanana. Masuria, watoto wao, watumwa na wahudumu walitoka Oman, Uhabeshi, nchi za Wacherkesi na bara la Afrika. Salme anaeleza kwamba mbele ya baba yake Kiarabu peke yake ndicho kilichoruhusiwa, lakini akigeuza tu mgongo, nyumba ilijaa Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi na Kiswahili. Hapo mtoto hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba lugha ina mahali pake, na kwamba amri ya mkubwa inaishia pale macho yake yanapoishia. Mwandishi hakulazimika kusema kuwa alikuja kuwa mtu anayeweza kuishi katika lugha na mila zaidi ya moja. Ameonyesha chumba ambamo uwezo huo ulianzia.

Masomo nayo yana mahali pake katika jengo. Watoto wa kasri walisomeshwa Kurani barazani, mahali pa wazi palipokuwa na mkeka tu, huku njiwa na kasuku wakiingia na kutoka. Wasichana walifundishwa kusoma, si kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulikuja kumgharimu. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipojaribu kumpindua kaka yao mwingine Majid, binti huyu mdogo ndiye aliyeandika barua za njama, kwa sababu alijua kushika kalamu. Hapa kuna mnyororo kamili ambao mwandishi wa nyumba ya utotoni anautafuta: sheria ya nyumba, mwanya ndani ya sheria hiyo, mazoea yaliyoota katika mwanya, na hatimaye tukio la utu uzima lisiloeleweka bila hayo yaliyotangulia.

Uhamisho wake kutoka Mtoni una faida ya pekee kwa anayetaka kupima nguvu ya mahali, maana unaonyesha mtoto yule yule katika nyumba mbili. Akiwa na umri wa miaka kama saba alihamia na mama yake mjini, Beit el Watoro, kuishi na Majid, ambaye wakati huo alikuwa bado kijana. Nyumba hii ilikuwa finyu, na mtoto aliyezoea ua na ufuo aliona amebanwa. Lakini ilikuwa nyumba inayoongozwa na kijana wa kiume, na huko Salme alifunzwa kupanda farasi na kutumia silaha, mambo ambayo msichana wa hadhi yake hakutarajiwa kuyajua. Kama angeandika habari za Mtoni tu, msomaji angedhani tabia yake yote ilitoka huko. Kwa kuziweka nyumba mbili kando kwa kando, anaonyesha ipi ilimpa nini. Mwandishi aliyelelewa kwanza kijijini kwa bibi kisha mjini kwa baba mdogo ana utajiri huo huo mkononi, na wengi huupoteza kwa kuzichanganya nyumba zote mbili chini ya jina moja la nyumbani.

Mtaa unaingia katika kisa chake kupitia paa. Akiwa mtu mzima aliishi mjini katika nyumba iliyopakana na ya Ruete, na paa la dari la jirani huyo lilikuwa chini kidogo ya lake. Katika mji wa mawe, ambamo nyumba zimebanana na vichochoro ni vyembamba, mwanamke asiyeonekana njiani aliweza kuona na kuonekana juu. Ndoa iliyoyabadili maisha yake yote ilianzia kwenye umbali wa mapaa mawili. Yeye mwenyewe analigusia jambo hili kwa maneno machache sana, na uchache huo unaeleweka kwa mtu aliyekuwa na sababu ya kuilinda heshima yake mbele ya ndugu zake na mbele ya Wajerumani pia. Hata hivyo ushahidi wa nyumba umebaki pale pale, na msomaji makini anaweza kuusoma.

Kitabu hicho kina upungufu ambao nao unafundisha. Salme aliandika akiwa uhamishoni, katika nchi ya baridi iliyomdharau, na Mtoni ya kumbukumbu zake imepakwa nuru ya kitu kilichopotea. Zaidi ya hapo, alikulia katika ngazi ya juu ya nyumba iliyosimama juu ya kazi ya watumwa, na anautetea utumwa huo mbele ya wasomaji wa Ulaya. Waliobeba maji ya mabafu yale, waliofagia ua na kulisha tausi, wanapita katika kurasa bila majina wala nyuso. Hii si dosari ndogo ya zamani zake. Ni dosari ya jicho la mtoto ambayo mtu mzima hakuirekebisha. Kila mtoto huiona nyumba kutoka mahali alipowekwa, na asiyejiuliza mahali pale palikuwa juu ya mabega ya nani ataandika nusu ya nyumba. Katika nyumba za kawaida za leo swali hilo linamhusu msichana wa kazi aliyelala jikoni, mtoto wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini kusaidia, au mpangaji wa chumba cha nyuma. Dalili ya kasoro hiyo ni rahisi kuitambua: maandishi yanasema chakula kilikuwa tayari, nguo zilikuwa safi, maji yalikuwa yamejaa, na hakuna mtu aliyetajwa akifanya lolote kati ya hayo.

Si wengi waliozaliwa kasrini. Wakazi wengi wa miji ya Tanzania waliozaliwa katika karne ya ishirini walikulia katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, na njia ile ile ya kusoma mpangilio inaifaa nyumba hii pengine kuliko kasri. Mbele kuna kibaraza. Katikati ukumbi mrefu unapita kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba vitatu kila upande. Nyuma kuna ua wenye jiko, bafu, choo na stoo, na aghalabu bomba au kisima. Mara nyingi kila chumba huwa na familia yake au mpangaji wake, na mwenye nyumba huishi humo humo. Nyumba za namna hii zilijaza Kariakoo, Ilala na Magomeni jijini Dar es Salaam, na bado zinapatikana katika miji mingi ya pwani na ya bara.

Mtoto wa nyumba hii anapotoka chumbani kwenda kuoga huvuka ukumbi mbele ya milango mitano ya watu wengine, kisha huingia uani walikokaa kina mama na majiko yao ya mkaa. Kila mtu mzima humo anapaswa kuamkiwa. Shikamoo yake ya asubuhi haikufunzwa kwa mahubiri. Ilifunzwa na urefu wa ukumbi. Tena katika nyumba nyingi za zamani, hasa za udongo na miti, kuta za vyumba hazikufika kwenye paa, na juu palibaki wazi. Sauti zilipita. Mume na mke wakigombana chumba cha tatu, chumba cha kwanza kilisikia, na asubuhi wote wakasalimiana kana kwamba hakuna aliyesikia. Mtoto akajifunza kunong'ona, na akajifunza kustiri. Anayeandika kwamba alilelewa katika mazingira ya ushirikiano hajasema kitu. Anayeandika kuhusu ule ukuta ulioishia njiani, na aliyoyasikia juu yake, na namna alivyomtazama jirani kesho yake, amesema yote.

Kibaraza nacho ni mpaka. Wanaume hukaa hapo jioni kuzungumza au kucheza bao, na wapita njia husimama kuwasalimu. Mvulana hufika umri wa kuruhusiwa kusikiliza. Msichana wa umri ule ule huitwa ndani. Ndugu wawili, kaka na dada, waliozaliwa chini ya paa moja, huweza kuwa wamelelewa katika nyumba mbili tofauti: mmoja alipewa mbele, mwingine alipewa uani. Mbele alisikia siasa, mpira na bei za bidhaa. Uani alisikia habari za ndoa, uzazi, madeni na maradhi. Ni vigumu kusema nani alipata elimu pana zaidi. Tawasifu inayodai kueleza nyumba nzima kutoka kibarazani peke yake inastahili kutiliwa shaka.

Kazi ya kukusanya kumbukumbu hizo ina utaratibu wake. Hatua inayozaa zaidi ni kuchora ramani ya nyumba kwa mkono, chumba kwa chumba, na kuandika ndani ya kila chumba nani alilala wapi, mlango ulifunguka upande gani, mwanga uliingia saa ngapi. Mchoro hulazimisha maswali ambayo sentensi huyakwepa. Mtu anayesema kwa urahisi kwamba walikuwa wanane chumbani hugundua, anapochora kitanda na mkeka, kwamba hawawezi kuenea, na hapo hukumbuka kuwa kaka mkubwa alikuwa akilala ukumbini au kwa jirani. Baada ya nyumba huchorwa mtaa: duka la kona, msikiti au kanisa, bomba, kiwanja cha mpira, njia ya shule, na mpaka ambao mtoto hakuruhusiwa kuuvuka peke yake. Mpaka huo una thamani ya pekee, kwa sababu unaonyesha ukubwa wa dunia yake, na siku alipouvuka mara nyingi ndiyo siku yenye kisa.

Kisha huja kupima kumbukumbu na miaka. Kumbukumbu ya utotoni huunganisha vitu vya nyakati mbalimbali katika siku moja, na mwandishi hana namna ya kulihisi kosa hilo kutoka ndani. Lazima atafute alama za nje. Kariakoo ina alama nyingi za namna hiyo. Jina lenyewe linatokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Jengo la soko lenye paa la zege kama miavuli lilifunguliwa mwaka 1975, kwa hiyo anayejikumbuka akiwa na miaka mitano chini ya miavuli hiyo mwaka 1968 amechanganya masoko mawili. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo anayeamini kwamba usiku wa Vita vya Kagera mtaa mzima wa Dar es Salaam ulikusanyika mbele ya televisheni ya jirani ajiulize kama haikuwa redio. Majina ya barabara nayo ni alama: uliokuwa Mtaa wa New Street sasa ni Lumumba, na jina lililotumiwa na wazee nyumbani husaidia kukisia wakati kisa kilipotokea.

Kumbukumbu iliyogunduliwa kuwa na kosa haitupwi. Mara nyingi huwa imehifadhi kweli nyingine. Kama mtoto aliweka televisheni mahali pa redio, huenda ni kwa sababu watu walikaa wakiitazama ile redio, wote wakiielekea, na picha ya macho yao ndiyo iliyobaki. Mwandishi mwaminifu huandika redio, na huiandika pamoja na macho hayo.

Ushahidi wa watu wengine huja mwisho, na lazima uje baada ya mchoro, vinginevyo kumbukumbu ya dada mkubwa huifunika ya mwandishi kabla haijaandikwa. Wazee waliobaki, picha za harusi zilizopigwa uani, stakabadhi za kodi ya pango, daftari la mkopo la dukani, vyote vina habari. Picha ya harusi hasa hufaa kutazamwa pembeni badala ya katikati, kwa kuwa nyuma ya bwana harusi huonekana mlango, ukuta, ndoo, na wakati mwingine mtu ambaye hakuna aliyekusudia kumpiga picha.

Kwa Kariakoo na mitaa iliyofanana nayo, kazi hii ina haraka. Tangu miaka ya 1990 nyumba za vyumba sita zimekuwa zikibomolewa kwa kasi kupisha maghorofa ya biashara, na mtu anayerudi kuthibitisha kumbukumbu yake hukuta fremu za maduka. Salme mwenyewe alirudi Zanzibar mwaka 1885, akaenda Mtoni, akakuta gofu lenye ngazi zilizoharibika na majani yaliyoota. Aliingiza ziara hiyo katika kitabu bila kuiacha iibadilishe sura ya kwanza. Uamuzi huo ni sahihi kwa ufundi. Nyumba ya zamani iandikwe kwanza kama ilivyokuwa ikitumika, ikiwa na kelele na kazi zake, ndipo magofu yaje mahali pake. Magofu yakitangulia, kila kikombe na kila mkeka hupakwa huzuni, na msomaji hawezi tena kuona nyumba iliyomfunza mtu. Anaona kaburi tu.

Bado kuna mpaka ambao njia hii haiwezi kuuvuka. Nyumba haielezi kila kitu. Salme alikuwa na ndugu wengi waliokua katika kasri zile zile, na hawakuandika barua za njama wala kupanda meli kuhamia Ulaya. Usemi kwamba mahali pamemfanya mtu hivi au vile huwa na nguvu ukipunguzwa: mahali palirahisisha jambo fulani na kulizuia jingine. Mfupa wa ngamia ulikuwepo na barazani palikuwa wazi. Kuuchukua na kuandika kulikuwa uamuzi wake. Mwandishi anayeliacha pengo hilo lionekane huaminika zaidi kuliko anayelijaza kwa majaliwa.

Majirani nao wana haki zao. Kuta fupi zilimpa mtoto siri ambazo hakuziomba, na wenye siri hizo au watoto wao huenda wangali hai. Kubadili jina hakutoshi pale ambapo chumba, mwaka na kazi ya mtu vinatosha kumtambulisha kwa mtaa mzima. Linalowezekana ni kusimulia jinsi siri ilivyosikika na jinsi ilivyotunzwa, na kuacha yaliyomo. Pale ambapo kisa hakina maana bila yaliyomo, wenyewe waulizwe kwanza, na wakikataa, kisa kitolewe katika kitabu.